Memo ya karo kupanda: dhana potofu na ukweli wenyewe

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kibinafsi huku Eastlands, na karatasi yenye hunitoa jasho kuliko zote ni ile memo ya kuambia wazazi karo inapanda. Ushauri wenye walimu wakuu tunapeana kuihusu, mwingi si wa kweli.

Dhana: Anza na mazuri ya shule, hiyo namba uiweke chini ama uandike asilimia, haitashtua sana.

Mzazi akishika memo anatafuta namba kwanza, hayo mengine atasoma baadaye. Memo yangu ya kwanza niliandika aya tatu za shukrani na matokeo ya mitihani, alafu mwisho kabisa nikasema karo inaongezeka kwa asilimia 11. Kesho yake mama mmoja wa Gredi 4 akaja ofisini na hiyo karatasi, amezungushia 11 na biro, pembeni amepiga hesabu mara mbili na majibu hayafanani, juu hakujua kama hiyo asilimia ni ya karo peke yake ama na pesa ya basi iko ndani. Hakuwa na hasira hata. Aliniuliza tu, "Mwalimu, sasa nilete ngapi?" Niliskia vibaya sana, na tangu hiyo siku memo yangu huanza hivi:

"Mzazi Mpendwa, kuanzia muhula wa kwanza mwezi Januari, karo itapanda kutoka shilingi 18,500 hadi shilingi 20,500 kwa muhula, yaani nyongeza ya shilingi 2,000. Ada ya basi haitabadilika. Tunafahamu kwamba kwa familia yenye watoto wawili hapa shuleni, hizi ni shilingi 12,000 zaidi kwa mwaka, na si mzigo mdogo."

Shukrani zinakuja baada ya hapo, na zikiwa fupi zinaskika zaidi.

Dhana: Sababu ni "gharama ya maisha imepanda", wataelewa.

Hiyo gharama mzazi anaijua, yeye pia ananunua unga na gesi. Chenye anataka kujua ni hiyo 2,000 inaenda wapi, na ukimwambia wazi anaelewa haraka kuliko venye tunadhani. Mimi niligawanya mara mbili: 800 ni ya chakula cha mchana, na kwa muhula wa wiki 13 hiyo ni kama shilingi 12 kwa siku, alafu 1,200 ni ya wafanyakazi. Hapo kwa wafanyakazi nikaweka mfano mmoja wa mwalimu wa mshahara wa 40,000. Zamani shule ilikuwa inamlipia NSSF shilingi 200 kwa mwezi, siku hizi ni asilimia 6 ya mshahara, yaani 2,400, na juu yake ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, shilingi 600. Kwa mwalimu mmoja hiyo ni 2,800 zaidi kila mwezi kabla hajaongezwa hata shilingi, na hii ni sehemu ya mwajiri, hakatwi mwalimu. Wazazi wengi wako kazi za kuajiriwa na sehemu yao ya hizo makato wanaiona kwa peislipu zao, kwa hivyo hapo hakuna mtu aliniuliza swali.

Dhana: Peana memo siku ya kufungua Januari, ukiwaambia mapema watahamisha watoto.

Mwenye atahama atahama tu, tofauti ni kama atahama na deni na uchungu ama kwa amani. Januari mzazi ana vitabu, sare na viatu vya kununua, ukimwongezea karo siku hiyo hiyo umemfungia njia. Mimi hutuma mwanzo wa muhula wa tatu, mwisho wa Agosti hivi, apate miezi minne ya kujipanga.

Dhana: Ukiruhusu kulipa mdogo mdogo, hakuna mtu atalipa.

Wenye hawalipi ni wale hawajui watalipa lini. "Mwenye shida aje ofisini" haisaidii, mzazi anaona aibu na haji, so andika tarehe na pesa: 10,250 siku ya kufungua, 5,125 katikati ya muhula, 5,125 wiki ya kumi. Na mambo ya madeni ya zamani usiyaguse kwa hii memo, hiyo ni barua tofauti ya mzazi mmoja mmoja, juu ukiweka tisho moja tu wale wamelipa vizuri wanaona ni wao wanagombezwa.

Na kuna wenye hudhani shule ya serikali pia inaweza tuma memo kama hii. Hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kulipisha karo ya masomo, malipo mengine lazima waziri ayaidhinishe, na mtoto hafai kufukuzwa juu hayajalipwa.

Mwisho mimi huweka sahihi kwa mkono, nakala moja moja, na chini naandika siku mbili zenye niko ofisini mpaka saa moja jioni, juu wazazi wetu wengi hutoka kazi saa kumi na moja.