Daraja la jiwe la mizani: ile M1 na F1 maana yake nini

Watu wakiona M1 kwenye jiwe la mizani wanadhani ni namba ya modeli, kumbe ni daraja, yaani inakwambia jiwe linaruhusiwa kukosea kiasi gani. Madaraja haya yako kwenye kanuni ya R 111 ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, juu kabisa E1, halafu E2, F1, F2, M1, M2 mpaka M3, na kwa jiwe la kilo moja E2 linaruhusiwa kuzidi au kupungua miligramu 1.6 tu, F1 miligramu 5, M1 miligramu 50.

Sasa hiyo 50 huipati yote. Cheti cha kalibresheni kina kitu kinaitwa shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo chenyewe kinaweza kuwa kimekosea, na hiyo lazima uitoe kwanza kwenye kikomo cha 50, na yenyewe isizidi theluthi ya hicho kikomo. Chukulia jiwe lako la M1 la kilo moja cheti kinasema limezidi miligramu 30 na shaka ni 10, basi kikomo chako halisi ni 40, umebakiwa na miligramu 10 tu za kuchezea. Ukilipeleka soko la Kibaigwa kukagua mizani za mahindi kiangazi hiki, upepo na vumbi mnavijua, ukirudi ukalilinganisha na jiwe la F1 linasoma limezidi 44. Hapo limeshatoka nje ya kikomo, hata kama 44 ni ndogo kuliko 50.

Usikimbilie kulisugua. Andika hiyo 44 kwanza, maana kazi zote za sokoni ulizipimia jiwe likiwa hivyo hivyo, halafu pangusa kwa brashi laini kavu, pima tena. Ikirudi 31 lilikuwa vumbi. Ikigoma kushuka, kwa yale makubwa ya chuma yenye rangi angalia kutu chini ya rangi, na siku jiwe likisoma pungufu kuliko cheti tafuta palipobanduka rangi au palipomeguka. Msasa na brasso marufuku kabisa jamani, vinakula chuma chenyewe na cheti kinakuwa karatasi tu. Spiriti nayo usipake kwenye jiwe la chuma lenye rangi, inaweza kuyeyusha rangi. Lile la stenlesi la F1 ukilisafisha kwa spiriti liache siku moja hadi mbili ndo ulitumie, la E2 siku 3 mpaka 6.

Kushika ni glavu au kibanio chenye ncha ya plastiki au mbao, jasho la vidole lina mafuta na chumvi, kwa M1 halisumbui sana ila kwa E2 yenye miligramu 1.6 linaonekana. Usiliburute juu ya sahani ya mizani, linyanyue. Kila jiwe likae kwenye tundu lake ndani ya boksi, boksi kabatini, sio sakafuni na sio nyuma ya pikapu juani, maana jiwe likiwa la moto linapasha hewa inayolizunguka, hewa inapanda juu na mizani nyeti inasoma pungufu, ndo maana jiwe likitoka juani linaachwa kwanza ndani ya chumba cha kupimia mpaka lipoe.