Kumkaribisha msemaji mwenye ualbino

"Nikimtambulisha mgeni mwenye ualbino si niseme 'licha ya hali yake' ili watu wamheshimu?"

Hapana, hiyo "licha ya" ndo inaharibu, ukumbi unaacha kusubiri hoja unaanza kumkagua ngozi. Chukua Abdallah Possi, unasema tu "mwanasheria, amekuwa naibu waziri, 2017 akateuliwa balozi wetu Ujerumani, leo anaongelea sheria ya ajira, karibu", unampa maiki unakaa. Ualbino utaje pale mada inapouhusu na mwenyewe karidhia, kwa hiyo mpigie siku moja kabla umsomee utambulisho wako wote. Na taa kali za jukwaani (wengi mwanga unawaumiza macho) malizana na fundi kabla watu hawajaingia, sio kutangaza kwenye maiki "mpunguzieni mwanga jamani".