Feritini Inaposoma Kawaida Ilhali Chuma Kimekwisha

Dhana: Feritini ni chuma chenyewe kilichopimwa.

Ukweli ni kwamba feritini ni protini yenye umbo la ganda, na kazi yake ni kuhifadhi chuma ndani ya seli, hasa zile za ini, wengu na uboho wa mifupa. Kiasi kidogo cha protini hiyo hutoka kwenye seli na kuingia katika damu, na hicho ndicho kinachopimwa maabara, ingawa ganda linaloelea katika damu huwa na chuma kidogo sana ndani yake. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, kipimo hicho hufuata ukubwa wa akiba kwa uaminifu, hata hukadiriwa kwamba kila mikrogramu 1 ya feritini kwa lita huwakilisha takriban miligramu 8 hadi 10 za chuma kilichohifadhiwa. Makadirio hayo yana sharti moja: kwamba chuma peke yake ndicho kinachoamuru feritini itengenezwe. Inflamesheni, yaani ule mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya maambukizi, jeraha au ugonjwa kama baridi yabisi, huvunja sharti hilo.

Dhana: Jibu likiwa ndani ya kiwango kilichochapwa kwenye karatasi ya maabara, chuma kinatosha.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 34 mwenye baridi yabisi ambayo haijatulia, na ambaye pia hutokwa na damu nyingi wakati wa hedhi. Hemoglobini yake ni gramu 10.1 kwa desilita, na chembe zake nyekundu ni ndogo, kwani MCV, kipimo cha ukubwa wa chembe hizo, ni femtolita 76. Mwaka uliotangulia chembe hizo zilikuwa na ukubwa wa kawaida, kwa hiyo tatizo la kurithi kama thalasemia haliwezi kulaumiwa. Feritini yake ni mikrogramu 58 kwa lita, na karatasi inaonyesha kwamba kawaida ni 15 hadi 150. Anaambiwa kwamba chuma kipo na kwamba upungufu wa damu unatokana na ugonjwa wa viungo peke yake.

Kilichosahaulika ni CRP, protini inayopanda wakati wa inflamesheni, ambayo kwake ni miligramu 32 kwa lita ilhali kwa kawaida haifiki 5. Inflamesheni ya kiasi hicho hupandisha feritini kwa njia mbili. Kwanza, kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari huziamuru seli zitengeneze feritini zaidi, bila kujali chuma kilichopo. Pili, mojawapo ya kemikali hizo, interlukini-6, hulifanya ini litoe homoni iitwayo hepsidini. Homoni hii huharibu feropotini, mlango pekee unaojulikana wa kutolea chuma kwenye seli, na hivyo chuma kinachopatikana chembe nyekundu zilizozeeka zinapovunjwa hukwama ndani ya makrofaji, zile seli zinazozimeza. Inaaminika kwamba mwili hufanya hivyo ili vijidudu vikose chuma vinachokihitaji kukua. Chuma kinapojaa ndani ya seli, seli nayo hutengeneza feritini ya kukihifadhi.

Upande wa pili, akiba inayokaribia kwisha huishusha feritini. Namba 58, basi, ni kama kitambaa kilicho katikati ya kamba inayovutwa na pande mbili: upungufu wa chuma unavuta chini, inflamesheni inavuta juu, na msomaji wa karatasi anaona kitambaa kimetulia mahali panapoonekana pa kawaida. Kama ingesomwa bila kuijali CRP, 58 ingemaanisha akiba ya karibu nusu gramu ya chuma, jambo lisiloelekea kuwa kweli kwa mtu anayepoteza damu kila mwezi na ambaye chembe zake zimepungua ukubwa ndani ya mwaka mmoja.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unatumia mipaka miwili. Kwa mtu mzima mwenye afya, upungufu wa chuma hutambuliwa feritini ikiwa chini ya 15. Penye maambukizi au inflamesheni, mpaka unapandishwa hadi 70. Kwa watoto walio chini ya miaka 5, mipaka hiyo ni 12 na 30. Mwanamke wetu yuko juu ya mpaka wa kwanza lakini chini ya ule wa pili, na mpaka wa pili ndio unaomhusu.

Dhana: Feritini ikitiliwa shaka, kupima chuma kilichomo kwenye damu kutatoa jibu.

Hapa wengi hujikwaa kwa nia njema. Chuma cha damu hushuka akiba ikiisha, na hushuka vilevile hepsidini inapokifungia ndani ya makrofaji, hivyo kushuka kwake peke yake hakutofautishi hali hizo mbili. Transferini, protini inayosafirisha chuma, ina manufaa kiasi: akiba ikiisha hupanda, lakini inflamesheni huishusha. Tukimwona mwanamke huyu ana ujazo wa transferini, yaani sehemu ya transferini iliyobeba chuma, wa asilimia 9, wakati chini ya 20 huhesabiwa kuwa kidogo, tunajua kwamba uboho wake haupati chuma cha kutosha. Hatujajua bado kama ghala ni tupu au limefungwa kwa kufuli.

Kipimo kinachokaribia zaidi swali hilo ni cha vipokezi vya transferini vinavyoelea katika damu. Seli za uboho zenye njaa ya chuma huongeza vipokezi hivyo, na inflamesheni haivigusi sana. Vikipanda, upungufu halisi unazidi kuaminika. Kina mipaka yake pia, kwa kuwa hupanda hata uboho unapofanya kazi kupita kiasi kwa sababu chembe zinavunjika mapema, na maabara mbalimbali hazitumii kiwango kimoja.

Dhana: Inatosha kusubiri CRP ishuke, halafu feritini isomwe kama kawaida.

Baada ya maambukizi ya muda mfupi, kusubiri ni jambo la busara, mradi ikumbukwe kwamba CRP hupungua kwa nusu katika muda wa saa 19 hivi mara chanzo kinapoondoka, wakati feritini huchelewa kushuka. CRP ya leo inaweza kuwa safi na feritini bado ikawa imeinuliwa na homa ya wiki iliyopita. Katika ugonjwa sugu, kusubiri huenda kukawa hakuna mwisho, na mgonjwa anaendelea kupoteza damu.

Dhana: Basi feritini haina maana mtu akiwa na inflamesheni.

Hilo nalo si kweli. Inflamesheni huipandisha feritini, haiishushi, kwa hiyo feritini ya 10 kwa mtu mwenye CRP ya 80 ni ushahidi mzito wa akiba iliyokwisha. Isitoshe, seli isiyo na chuma hushindwa kutengeneza feritini nyingi hata ikisukumwa, ndiyo sababu akiba tupu mara chache hutoa namba inayozidi 100. Kwa mwanamke wetu mwenye 58, kumpa chuma kuna msingi, na huenda kikahitajika kwa njia ya mshipa kwa sababu hepsidini hufunga pia mlango wa utumbo na vidonge havifyonzwi vizuri. Kama feritini yake ingekuwa 240 na mengine yote yangebaki vilevile, mashaka yangehamia kwenye kufuli, na tiba ya kwanza ingekuwa kutuliza baridi yabisi yenyewe.