Iodini 131 kwenye tezi: njia mbili za kuondoka, nusumaisha moja

Nimepewa iodini 131, dawa ya mionzi ya kutibu tezi ya shingoni, na nimesoma kwamba nusumaisha yake, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni siku 8. Mbona daktari ananiambia kwenye tezi yangu itapungua nusu kwa siku 6 tu?

Wote wawili wako sahihi, ila wanazungumzia mahali tofauti. Siku 8 (kwa usahihi zaidi 8.02) ni za iodini iliyofungiwa kwenye chupa, ambako njia ya kupungua ni moja tu: kuoza. Atomi inatoa chembe ya beta, inageuka kuwa zenoni 131, basi.

Ndani ya tezi ya shingoni kuna njia ya pili. Tezi huifunga iodini kwenye homoni, homoni inamwagwa kwenye damu, na hatimaye sehemu kubwa ya iodini hiyo hutoka kwa mkojo. Njia hizi mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja na zinagombania atomi zilezile. Kila moja ni ya daraja la kwanza, maana yake kila siku inaondoa sehemu ileile ya kilichobaki, kiwe kingi au kidogo.

Tuchukue mgonjwa wa tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ambaye homoni zake zingeipunguza iodini ya tezi hadi nusu kwa siku 24 kama isingekuwa inaoza. Kasi ya kila njia tunaipata kwa kugawa 0.693 kwa nusumaisha yake, kisha tunajumlisha:

```
k1 (kuoza)          = 0.693 / 8  = 0.0866 kwa siku
k2 (kutoka tezini)  = 0.693 / 24 = 0.0289 kwa siku
k  = k1 + k2        = 0.1155 kwa siku
nusumaisha = 0.693 / 0.1155 = siku 6
```

Kinachojumlishwa ni kasi, kamwe si nusumaisha. Ukijumlisha 8 na 24 unapata 32, na ukitafuta wastani unapata 16. Majibu yote mawili yanasema kuongeza njia ya kutokea kumeichelewesha iodini, jambo lisilowezekana. Kipimo cha haraka cha kujikagua ni hiki: nusumaisha ya jumla lazima iwe fupi kuliko ile fupi kati ya hizo mbili.

Sasa katika iodini iliyoingia kwenye tezi, kiasi gani kinaozea humo na kiasi gani kinatoka kizima?

Uwiano ni k1 kwa k2. Hapa 0.0866 kwa 0.0289, yaani 3 kwa 1. Robo tatu zinaozea ndani ya tezi na kufanya kazi ya tiba, robo moja inatoka kabla haijaoza.

Watu wengi wanadhani uwiano huo unabadilika siku zinavyokwenda, kwamba mwanzoni kuoza kunatawala na baadaye kutoka kunashika zamu. Haubadiliki. Anza na atomi 800 na uzifuate:

```
siku    zilizobaki    zilizoozea tezini    zilizotoka
 0         800                0                 0
 6         400              300               100
12         200              450               150
18         100              525               175
```

Kila mstari baada ya ule wa kwanza ni 3 kwa 1. Tazama pia kwamba safu mbili za mwisho zinakua kwa mwendo mmoja: kila moja imefika nusu ya kikomo chake siku ya 6. Hakuna njia inayokwenda kwa siku 8 na nyingine kwa siku 24, kwa sababu zote zinachota kwenye akiba moja, na akiba hiyo inapungua kwa siku 6.

Kosa jingine ni kugeuza uwiano. Ukitumia nusumaisha badala ya kasi, kumbuka mambo yanapinduka: njia yenye nusumaisha fupi ndiyo inayochukua fungu kubwa.

Mimi na ndugu yangu tulipewa kipimo sawa cha dawa. Mimi nilipona, yeye ikabidi arudie. Inawezekanaje?

Sababu zinaweza kuwa kadhaa, ukiwemo ukubwa wa tezi na kiasi ambacho tezi ilivuta. Lakini moja inaonekana wazi kwenye hesabu. Kuna tezi zinazomwaga homoni haraka sana. Tuseme kwa ndugu yako njia ya pili ina nusumaisha ya siku 5. Basi k2 ni 0.1386, jumla ni 0.2252, na nusumaisha ya jumla ni siku 3.1. Fungu linaloozea tezini ni 0.0866 kugawa kwa 0.2252, karibu asilimia 38, wakati kwa mwenye siku 24 ni asilimia 75.

Kwa hiyo hata kama tezi zenu zilivuta kiasi kilekile, tezi yake ilipata nusu tu ya mionzi. Kasi ya kuoza haijabadilika hata chembe, haibadilishwi na dawa wala chakula. Kilichobadilika ni mshindani wake. Hii pia ni sababu mojawapo ya madaktari kusimamisha kabimazoli siku chache kabla ya tiba: dawa hiyo inazuia iodini isifungwe kwenye homoni, na iodini isiyofungwa inachoropoka tezini mapema. Usiisimamishe mwenyewe, siku ya kuacha na ya kurudia hupangwa na daktari wako.

Nikinywa maji mengi, si nitaitoa dawa kwenye tezi?

Hapana. Iliyokwisha ingia kwenye tezi inatoka kwa kasi ya homoni, na maji hayana la kufanya hapo.

Maji yanahusu ile sehemu ambayo tezi haikuivuta. Nje ya tezi, figo huondoa iodini kwa nusumaisha ya takriban saa 8, ambayo ni theluthi ya siku. Kwa kasi hiyo k2 ni kama 2.1 kwa siku dhidi ya 0.0866 ya kuoza, hivyo asilimia 96 hivi inatoka ingali na mionzi na asilimia 4 tu ndiyo inayoozea mwilini. Hapo ndipo masharti ya siku mbili za mwanzo yanapotoka: kukojoa mara kwa mara ili mkojo usikae kibofuni, kukaa chooni hata kwa wanaume ili usirukeruke, kumwaga maji mara mbili, na kunawa mikono vizuri. Masharti ya kutolala na mtoto na kukaa mbali na wajawazito yanaendelea kwa siku nyingi zaidi, kwani yanafuata ile nusumaisha ndefu ya tezi.

Nimepima shingo ya mgonjwa siku ya 1 kipima mionzi kikahesabu 6,000 kwa dakika, na siku ya 7 nikapata 3,000. Nusumaisha ya homoni naipataje?

Kwanza hakikisha umetoa mionzi ya mazingira katika vipimo vyote viwili. Nusu imeondoka kwa siku 6, kwa hiyo k ni 0.1155. Toa 0.0866 ya kuoza, inabaki 0.0289, na 0.693 ukiigawa kwa hiyo unapata siku 24.

Hatari ipo kwenye mashine. Baadhi hurekebisha zenyewe hesabu za kuoza, na hapo siku ya 7 ungesoma takriban 5,045 badala ya 3,000, na nusumaisha utakayoipata ni ile ya homoni peke yake, siku 24, bila kutoa chochote. Upande wa pili, ukichukua siku 6 ulizopima ukaziunganisha tena na siku 8 za kuoza, utapata siku 3.4, kwa kuwa umehesabu kuoza mara mbili.

Usianze kupima saa chache baada ya kumeza. Katika siku ya kwanza tezi bado inavuta iodini kutoka kwenye damu, kwa hiyo namba hupanda kabla ya kushuka, na hesabu ya njia mbili za kutoka haijaanza kufaa. Vipimo viwili ndiyo kima cha chini; ukiongeza cha tatu, kwa mfano siku ya 4, kinapaswa kusoma karibu 4,240. Kikienda mbali na hapo, ama mgonjwa alikaa tofauti mbele ya kipima mionzi, ama kasi ya kutoka tezini si moja.