Umeruka kreatini Jumapili? Msuli haujui kama ulienda jimu

Swali tunaloletewa sana hapa kitengo cha lishe ni hili: mtu ametumia kreatini, ile poda ya kuongezea misuli nguvu, miezi miwili, Jumapili haendi jimu, akisahau kunywa anaona kama karudi sifuri. Hujarudi sifuri ndugu yangu, wala hauko karibu na sifuri.

Watu wengi wanadhani kreatini inaisha ukibeba vyuma, kumbe ukinyanyua inatumika halafu inarudishwa palepale, inazunguka tu humo ndani ya msuli. Inayopotea inapotea kwa njia nyingine kabisa, kila siku kama asilimia 1.7 hivi inageuka yenyewe kuwa taka inayoitwa kreatinini, inaingia kwenye damu, figo zinaitoa na mkojo. Hiyo haichagui siku, uwe umepiga skwati au umelala mkekani mchana kutwa.

Chukua kijana wa kilo 70. Kawaida mwilini ana kama gramu 120, akishajaza misuli kwa kunywa ya poda tuseme yuko 145. Kwa siku anapoteza gramu 2 na nusu hivi, lakini akila nyama au samaki anapata karibu gramu 1, na mwili nao unatengeneza kidogo. Kwa hiyo akiruka Jumapili pengo ni gramu moja, labda moja na nusu, kati ya 145! Jumatatu akinywa gramu 3 mpaka 5 kama kawaida limezibika. Mtafiti Hultman na wenzake walilipima hili 1996, waliojaza kwa gramu 20 kwa siku kwa siku 6 halafu wakaacha kabisa, iliwachukua kama siku 30 kurudi walikoanzia, ila walioendelea na gramu 2 tu kwa siku walibaki juu.

Sasa shida iko hapa, na hapa ndo naomba mtu asome taratibu. Kuna anayekunywa siku za jimu tu, na jimu anaenda mara mbili kwa wiki. Gramu 3 mara mbili ni 6, wakati ile ya gramu 2 kila siku inatoka 14 kwa wiki. Huyu anashuka polepole bila kujua, na kama hali nyama wala samaki anashuka haraka zaidi. Anayeenda mara nne na kunywa gramu 5 kila akienda ana 20, huyo asihangaike na Jumapili. Yaani hesabu wiki nzima, siku moja moja achana nayo.

Na kama bado hujajaza, umeanza na gramu 3 kwa siku bila ile dozi kubwa, kujaa kunachukua kama wiki 4, hapo kila siku unayoruka inakuchelewesha.

Ukisahau usinywe mbili kesho yake kufidia, msuli uliojaa hauna pa kuiweka, nyingi utaikojoa, na gramu 10 kwa mkupuo zinaweza kukuharisha.