Barua ya Mwaliko wa Usuluhishi Kazini: Iandikwe Vipi Isielemee Upande

Barua nyingi za usuluhishi tunazoombwa kuzipitia hapa Mbeya huwa zimeshachagua upande kabla kikao hakijaanza. Mwandishi hana nia mbaya, ila mkono wake umezoea barua za nidhamu. Anaanza na "kutokana na malalamiko yaliyotolewa dhidi yako", anamalizia na "unatakiwa kufika bila kukosa", na chini kabisa anaweka "Nakala: Meneja". Anayeipokea hahitaji kusoma zaidi. Anajua ameitwa kuhukumiwa, na atakuja amejiandaa kwa vita au hatakuja kabisa.

Chukulia mfano huu, niliouunda kutokana na mambo tunayokutana nayo mara kwa mara. Katika ghala moja la mpunga huko Uyole, mhasibu msaidizi alimwandikia meneja barua pepe kwamba magunia 14 hayaonekani kwenye hesabu, na watu wengine wawili wakapata nakala. Mtunza ghala, mzee aliyekaribia kustaafu, aliona ameitwa mwizi mbele za watu. Tangu siku hiyo hampi mhasibu hati za kupokelea mzigo mkononi. Anamwachia mlinzi getini. Mhasibu, binti wa umri wa mwanawe, ameacha kumwamkia. Malori kutoka Mbarali yanapanga foleni kwa sababu watu wawili wanaokaa hatua chache kutoka kila mmoja wanawasiliana kupitia mlinzi.

Hapo mtu atataka aandike mwaliko haraka. Asubiri kwanza. Kama magunia yamepotea kweli, hilo ni suala la uchunguzi na nidhamu, na usuluhishi hauwezi kuwa njia ya kulifunika. Vivyo hivyo unyanyasaji wa kijinsia, vitisho au kupigana: huwezi kumwalika aliyeumizwa akae "wayamalize" na aliyemuumiza. Katika mfano wetu mzigo ulihesabiwa upya, ikaonekana hati moja iliingizwa mara mbili kwenye kitabu. Hakuna kilichoibwa. Kilichobaki ni uhusiano ulioharibika, na huo ndio unaosuluhishika.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Ndugu ……,

YAH: MWALIKO WA KIKAO CHA USULUHISHI

Wewe na Ndugu …… mnategemeana katika kupokea mzigo na kutunza kumbukumbu zake. Kwa siku za karibuni mawasiliano kati yenu katika kazi hiyo yamekuwa magumu. Ninawaalika nyote wawili kwenye kikao cha kuzungumzia jambo hilo, na mwenzako amepata barua yenye maneno haya haya. Kikao kitakuwa Jumatano saa nne asubuhi, chumba cha mafunzo, na hakitazidi saa mbili. Kabla ya siku hiyo nitazungumza na kila mmoja peke yake kwa nusu saa.

Kushiriki ni hiari yako. Ukikataa, au ukiamua kuondoka katikati, hutachukuliwa hatua yoyote kwa sababu hiyo. Mimi sitaamua nani ana haki. Kazi yangu ni kuwasaidia mzungumze. Kama una sababu ya kutotaka niwe msuluhishi wenu, niambie kabla ya Jumatatu, atatafutwa mwingine."

Angalia kilichoachwa. Hakuna magunia, hakuna barua pepe, hakuna salamu zilizokatika. Ukitaja barua pepe umemnyooshea kidole mhasibu. Ukitaja hati zinazoachwa getini umemnyooshea mzee. Kinachotajwa ni kazi wanayoichangia na ugumu ambao wote wawili wanaukubali. Maneno "mlalamikaji", "mlalamikiwa", "shauri" na "wito" hayana nafasi hapa. Hayo ni ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kikazi kati ya waajiri na wafanyakazi chini ya sheria za kazi za mwaka 2004. Mfanyakazi akiyaona kwenye barua ya ndani atadhani kesi imeshafunguliwa.

Kipengele cha kumkataa msuluhishi wengi hukiruka, na kwetu huku Nyanda za Juu Kusini kina uzito wake. Huenda msuluhishi anasali kanisa moja na mmoja wao, au ni shemeji yake, au wametoka kijiji kimoja cha Rungwe. Mwingine halisemi hilo asipoulizwa, ila atakaa kikao kizima akihisi amezidiwa idadi.

Kanuni za kikao ziambatanishwe kama mapendekezo ambayo wenyewe watayakubali au kuyarekebisha mwanzoni. Nne au tano zinatosha: mmoja aongee bila kukatizwa, kila mtu aseme alichokiona na kilivyomgusa, asiseme mwenzake alikusudia nini, simu zizimwe na pasirekodiwe chochote, yeyote aweze kuomba mapumziko au kuongea na msuluhishi faragha. Ya tano ni lugha: Kiswahili tu. Mzee akimgeukia msuluhishi kwa Kinyakyusa, hata kwa utani, binti aliyetoka Njombe ameachwa nje ya chumba. Kuhusu umri, usilazimishe usawa wa bandia. Barua zote ziseme "Ndugu", lakini binti akimwamkia mzee na kumwita "Mzee" ndani ya kikao, mwache. Unachopaswa kulinda ni zamu ya kuongea, kwa sababu wakubwa wetu wamezoea kusikilizwa mpaka mwisho na wadogo wamezoea kufupisha.

Usiri ndio sehemu inayoandikwa vibaya kuliko zote, maana watu huahidi kwamba "yote yatabaki siri". Ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Andika mipaka yake waziwazi: "Yatakayosemwa hayatatumika dhidi yenu katika tathmini wala katika hatua za nidhamu. Maelezo nitakayoandika nitayachana baada ya kikao. Meneja atajulishwa mambo mawili tu: kama kikao kilifanyika, na yale ambayo nyote mtakubaliana ayajue. Nitalazimika kuvunja usiri endapo nitasikia jambo linalohatarisha usalama wa mtu au kosa la jinai." Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza kati ya hizo, pata kauli ya meneja kwa maandishi kwamba ataiheshimu. Bila hiyo umeahidi kitu kisicho chako.

Hata namna ya kufikisha barua ni sehemu ya usiri. Usiipitishe masijala, ambako itagongwa muhuri, itapewa namba na kusomwa na karani kabla ya mwenyewe. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la idara, wala isiingie kwenye faili binafsi. Weka kila barua katika bahasha iliyofungwa, uikabidhi mwenyewe mkononi, wote wawili asubuhi ile ile. Ukimpa mmoja leo na mwingine kesho, wa pili ataamini wa kwanza ndiye aliyeomba kikao. Chumba nacho kikague mapema. Kama dirisha linatazama uwanja wanakopumzika wapakiaji, kabla ya saa sita ghala zima litakuwa linajua nani alilia.

Mmoja akikataa, mwambie mwenzake neno moja tu: kikao hakitafanyika. Usiseme nani amekataa, ingawa atakisia. Meneja naye apate sentensi hiyo hiyo. Hapo inabaki kazi yake ya kawaida ya usimamizi, mfano kuagiza hati zote za mzigo zisainiwe na mtunza ghala na mhasibu siku ile ile gari linapoingia.