Koti la kubana silo koti la Kiitaliano

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta suti ya harusi. Muuzaji akamvisha koti lililombana hadi kifungo kikawa kinaomba msaada, kisha akampigapiga mabegani: "Hii ndiyo Kiitaliano yenyewe, kaka!" Nimeyasikia hayo mara nyingi mno. Siku hizi kila koti jembamba na fupi ni la Kiitaliano, na lililo pana ni la Kiingereza, au la babu.

Mkato wa suti ni umbo ambalo koti linalo hata likiwa limetundikwa bila mtu ndani. Umbo hilo hujengwa na vitu vitatu: kanvasi iliyofichwa kati ya kitambaa cha nje na bitana, pedi za mabegani, na kiuno. Neno kanvasi chimbuko lake ni jina la Kilatini la katani, mmea uleule wa bangi, ila ya suti leo hufumwa kwa sufu au pamba pamoja na singa za farasi. Singa ukizikunja hurudi zilivyokuwa, ndiyo maana kifua cha koti hakilali na ukosi hujipinda taratibu badala ya kulala bapa kama karatasi iliyokunjwa. Makoti ya bei nafuu hubandikwa kitambaa cha gundi kwa pasi ya moto. Gundi ikiachia, kifua huota malengelenge. Kulitambua koti lenye kanvasi, lifinye chini ya kifungo cha mwisho, vuta nje kwa mkono mmoja na ndani kwa mwingine. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, hiyo ni kanvasi. Jaribu na kifuani, maana nyingine huishia huko.

Sasa kiuno, ambacho ndicho kinachoniudhi. Kukata kiuno si kubana. Ni tofauti kati ya upana wa koti kifuani na upana wake kiunoni, na fundi huipata kwa kuchota kidogo kidogo kwenye mshono wa mgongoni, wa ubavuni, na kwenye mkunjo ulioshonwa mbele. Mdogo wangu ana kifua cha inchi 38 na kiuno cha 34. Koti lenye nafasi ya kupumua lingekuwa na inchi 42 kifuani na 38 kiunoni. Lile la dukani, nililipima, lilikuwa na 39 na 35. Tofauti ni inchi 4 kote kuwili! Umbo halikuongezeka hata robo inchi; kilichopungua ni hewa tu. Ndiyo maana mikunjo ya herufi X ilitoka kifungoni na ukosi ukabenuka.

Na ajabu yake, ukitaka kiuno kinachoonekana, wenye nacho hasa ni Waingereza. Mafundi wa Savile Row, London, walirithi mkato wa sare za kijeshi na wa makoti ya kupandia farasi. Kwa hiyo kifua kigumu, bega lenye pedi, kiuno kilichoingia na kukaa juu, halafu chini koti linafunguka na mipasuo miwili nyuma ili likae vizuri juu ya tandiko. Ukilitundika, linasimama kama lina mtu.

La Napoli ndilo lililolegea. Miaka ya 1930 fundi Vincenzo Attolini, akiwa katika duka la Gennaro Rubinacci, alitoa pedi na sehemu kubwa ya vilivyomo ndani, akabakiza kanvasi nyepesi. Mkono hupachikwa begani kama wa shati, na vikunjo vidogo huachwa juu yake kwa makusudi. Wanunuzi wetu hulirudisha koti wakidhani fundi kalewa. Duka lenyewe, lililokuwa Napoli, liliitwa London House, kwa jinsi mabwana wa mji ule walivyopenda Uingereza. Lakini nenda Roma ukutane na kampuni ya suti ya Brioni, iliyoanzishwa 1945, na bega lina pedi na kiuno kimeingia sawasawa. Hata Waingereza hawana sauti moja: fundi Frederick Scholte wa London alimshonea Edward, aliyekuwa mfalme kwa muda mfupi mwaka 1936, makoti yenye kifua kilicholegea na bega laini.

Sikubishana na muuzaji, biashara ni yake. Nilimwambia tu: "Kaka, hili ni zuri ila ni dogo kwake. Tutolee lenye inchi 42 kifuani tuone kiuno chake. Na mteja mwingine akikuuliza la Kiitaliano, muulize kwanza, la Napoli au la Roma?"